Kusoma usambamba na takriri katika Zaburi: hatua kwa hatua, pamoja na zoezi la shule ya upili

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu zaburi aichambue kama shairi, na jambo la kwanza atakalotafuta ni vina. Amefundishwa arudhi, amehesabu mizani nane kwa nane, amepigia mstari kina cha kati na kina cha mwisho. Asipoviona hivyo ataandika "hili ni shairi huru" na kuendelea na swali linalofuata. Hapo amekosa alama, na amekosa shairi lenyewe pia. Zaburi ina umbo lenye kanuni, ila kanuni hiyo haiko kwenye sauti. Mishororo yake huenda miwili miwili, mara nyingine mitatu mitatu, na kinachoiunganisha ni maana: mshororo wa pili huujibu wa kwanza. Hiyo ndiyo tunaita usambamba, na kwa kuwa unakaa katika maana, umevuka kutoka Kiebrania hadi Kiswahili ukiwa karibu mzima. Vitu vya sauti havikubahatika hivyo. Zaburi 119 ina beti 22 kwa sababu herufi za Kiebrania ni 22, na kila ubeti una aya nane zinazoanza kwa herufi moja. Ukiisoma kwa Kiswahili mpangilio huo huuoni.

Nitatumia zaburi moja tu, ya 121, kwa kuwa ina aya nane, inaenea kwenye ubao mmoja, na wanafunzi wengi wa huku kwetu Kisumu wameisikia matangani au asubuhi ya safari. Wale wanaotoka Ahero na uwanda wa Kano hawahitaji kuelezwa mtu anayeinua macho kutazama milima yukoje, maana kila wakitazama kaskazini na mashariki milima ya Nandi iko pale. Kazi hii hujaza vipindi viwili vya dakika arobaini: cha kwanza cha kuchambua pamoja, cha pili cha zoezi.

Tanbihi moja kabla ya kuanza. Darasa letu lina Wakristo wa madhehebu mengi, lina Waislamu, lina na wasioshika dini yoyote. Tunachofanya hapa ni kusoma umbo la maandishi. Hakuna anayeulizwa anaamini nini, na mwalimu akilisema hilo mwanzoni atajiokoa na mabishano ya nusu kipindi.

Hatua ya kwanza: pata mishororo halisi

Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Biblia nyingi zimechapwa kwa safu mbili nyembamba. Mshororo ukiwa mrefu hukatika, kipande chake kikashuka mstari wa chini, na mwanafunzi akakihesabu kuwa mshororo mwingine. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ambayo makanisa mengi bado huisoma, kuna alama ya kukusaidia: kila mshororo wa shairi huanza kwa herufi kubwa, hata katikati ya sentensi. Kipande kinachoanza kwa herufi ndogo ni mkia wa mshororo wa juu yake.

Kosa la pili ni kuichukua aya kama mshororo. Namba za aya ziliwekwa baadaye sana ili kurahisisha kutafuta mahali. Aya moja huweza kuwa na mishororo miwili, mitatu au zaidi, na jozi ya maana huweza kuvuka kutoka aya moja hadi nyingine. Tutaliona hilo katika aya ya tatu na ya nne.

Basi mwalimu aandike ubaoni, mshororo kwa mshororo, akiacha nafasi pembeni:

1. Nitayainua macho yangu niitazame milima,
Msaada wangu utatoka wapi?
2. Msaada wangu u katika BWANA,
Aliyezifanya mbingu na nchi.
3. Asiuache mguu wako usogezwe;
Asisinzie akulindaye;
4. Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi,
Yeye aliye mlinzi wa Israeli.
5. BWANA ndiye mlinzi wako;
BWANA ni uvuli mkono wako wa kuume.
6. Jua halitakupiga mchana,
Wala mwezi wakati wa usiku.
7. BWANA atakulinda na mabaya yote,
Atakulinda nafsi yako.
8. BWANA atakulinda utokapo na uingiapo,
Tangu sasa na hata milele.

Darasa zima litumie tafsiri moja. Mmoja akiwa na Habari Njema na mwingine ana ile ya 1952, maneno hayatalingana, na wakianza kuhesabu takriri kila mtu atakuja na idadi yake.

Hatua ya pili: uliza mshororo wa pili umeongeza nini

Aliyeweka majina yanayotumika hadi leo ni Robert Lowth, aliyefundisha ushairi katika Chuo Kikuu cha Oksifadi na kuchapisha mihadhara yake kwa Kilatini mwaka 1753. Aligawa usambamba mafungu matatu. Usambamba wa visawe ni pale mshororo wa pili unapolisema jambo la wa kwanza kwa maneno mengine. Usambamba wa ukinzani ni pale wa pili unapolisema kwa kinyume chake, na mara nyingi katikati utakuta "bali". Wa tatu ni usambamba wa kuendeleza: wa pili unaongeza sababu, tokeo, mahali au mfano.

Mafungu hayo yanatosha shuleni, ila mwalimu ajue yanapolegea. Fungu la tatu limekuwa kapu la kila kisichoingia katika mawili ya kwanza. La kwanza nalo humfanya mwanafunzi aone uvivu, kana kwamba mtunzi aliishiwa na maneno akarudia. Hakuna visawe kamili. Mshororo wa pili karibu siku zote unafinya, unakaza, unataja mahususi au unaleta picha. Kwa hiyo usimwulize mwanafunzi "huu ni usambamba gani?" kabla hujamwuliza "wa pili umeongeza nini?" Jina litafuata lenyewe.

Tuichukue aya ya sita. "Jua halitakupiga mchana, wala mwezi wakati wa usiku." Kila mwaka nusu ya darasa hujibu upesi: ukinzani! Wanaona jua na mwezi, mchana na usiku, wanaona vinyume, basi. Lakini tazama mishororo inasema nini. Wa kwanza unasema hutadhurika. Wa pili unasema hutadhurika. Inaelekea upande mmoja. Maneno yamekinzana, kauli hazikukinzana. Linganisha na Zaburi 1:6: "Kwa kuwa BWANA anaijua njia ya wenye haki, bali njia ya wasio haki itapotea." Hapo kauli zenyewe zimegeuziana mgongo, huyu anahifadhiwa na yule anapotea. Kipimo ninachowapa ni chepesi: weka "na pia" kati ya mishororo miwili, kisha weka "lakini". Kiunganishi kinachokubali bila kulazimishwa ndicho kinachokuambia uko wapi.

Sasa, nini kimeongezeka katika mshororo wa pili wa aya hiyo? Hauna kitenzi. "Wala mwezi" umeazima kitenzi cha mshororo wa juu: hautakupiga. Jua kupiga sisi tunalijua. Mtu wa Kisumu aliyewahi kusubiri matatu saa nane mchana bila mwavuli hahitaji kamusi. Lakini nani aliyepigwa na mwezi? Hapo ndipo shairi linapozidi mazungumzo ya kawaida. Kitenzi tulichokizoea katika mshororo wa kwanza kinahamishiwa mahali ambapo hatukizoei, na hatari inakuwa ya saa zote, ile unayoijua na ile usiyoielewa. Watu wengi wa kale waliamini mwezi unaweza kumdhuru mtu, kwa hiyo kwao halikuwa pambo tupu.

Aya ya saba ina mtego wa namna nyingine. "BWANA atakulinda na mabaya yote, atakulinda nafsi yako." Kwa sababu "atakulinda" iko pande zote mbili, mwanafunzi husema ni visawe. Lakini wa kwanza unataja unalindwa na nini, na wa pili unataja kinacholindwa ni nini. Huu ni usambamba wa kuendeleza uliovaa nguo za takriri. Vitu hivi viwili vikae mbali akilini mwa mwanafunzi: takriri ni neno kurudi, usambamba ni mishororo kujibizana. Vinaweza kuja pamoja, na kila kimoja chaweza kuja peke yake.

Aya nyingine ziwe kazi ya darasa, nawe pita haraka. Ya kwanza na ya pili ni swali na jibu lake. Ya tano ni tamko, kisha picha ya lile tamko. Ya nane inaongeza muda juu ya mwendo. Mwanafunzi akifika aya ya tatu na ya nne, msimamishe, maana hizo ni za hatua ifuatayo.

Hatua ya tatu: fuata mzizi

Takriri haitafutwi kwa macho ya kutazama neno zima, hasa katika Kiswahili ambapo viambishi hulibadilisha neno sura. Chukua kalamu ya rangi upigie mstari kila umbo la "linda": akulindaye katika aya ya 3, mlinzi katika ya 4, mlinzi tena katika ya 5, atakulinda mara mbili katika ya 7, atakulinda katika ya 8. Mara sita. Kwa Kiebrania kitenzi kile kile pia kimekuja mara sita, kwa hiyo hapa watafsiri wetu walikuwa makini. Aliyetafuta "mlinzi" peke yake ameona mawili, na hawezi kueleza kwa nini zaburi yote inasikika kama mtu anayerudia ahadi.

Baada ya kuhesabu, tazama zimekaa wapi. Aya mbili za kwanza hazina "linda" hata moja. Ndani yake mtu anajisemea: macho yangu, msaada wangu. Kuanzia ya tatu nafsi inabadilika, ni mguu wako, mlinzi wako, nafsi yako. Mtu mwingine ameingia na kumjibu, na "linda" imeingia naye. Kwa hiyo takriri hapa ni sauti ya yule wa pili. Mwanafunzi akiliandika hilo, amepita kiwango cha "takriri inasisitiza", jibu ambalo nimelisahihisha mpaka nimelichoka. Kila takriri inasisitiza. Swali ni inasisitiza nini, mbele ya nani, na kwa nini mahali hapo.

Iko takriri nyingine, ya ngazi. Neno la mshororo mmoja huchukuliwa na ule unaofuata, likapanda daraja. "Msaada wangu utatoka wapi? Msaada wangu u katika BWANA." Kisha "asisinzie akulindaye; naam, hatasinzia wala hatalala usingizi." Tazama vitenzi kwa karibu. "Asisinzie" ni ombi au matarajio. "Hatasinzia" ni hakika. Halafu "hatasinzia wala hatalala" inapanda tena, maana kusinzia ni kidogo na kulala ni zaidi. Wakati huo huo mtajwa anafunuliwa polepole: kwanza "akulindaye", ambaye hatujaambiwa ni nani, kisha "mlinzi wa Israeli", mlinzi wa taifa, kisha katika aya ya tano "BWANA ndiye mlinzi wako", mlinzi wa mtu mmoja. Kichwa cha zaburi hii ni "Wimbo wa kupanda mlima", mojawapo ya nyimbo kumi na tano zenye kichwa hicho, kuanzia Zaburi 120 hadi 134, na takriri ya ngazi utaikuta katika zaidi ya moja kati ya hizo. Zaburi 124 imeanza kwayo.

Namna ya tatu ni kibwagizo. Zaburi 136 ina aya 26, na kila moja inafungwa na "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Wanafunzi wa Kiislamu wataitambua mara moja mbinu hiyo katika Surat Ar-Rahman, ambayo ina aya 78, na 31 kati yake ni swali lile lile juu ya neema za Mola ambazo binadamu na majini wanazikanusha. Kazi zake hazifanani, na ni vizuri kulinganisha. Kibwagizo cha zaburi ni jibu la mkusanyiko: mmoja anataja tendo, wote wanaitikia. Kile cha Ar-Rahman ni swali linalomrudia msikilizaji, na kila neema mpya inapotajwa analikuta limemsubiri.

Hatua ya nne: tamathali nyingine, bila kulazimisha

Hapa kuna hatari ya mwanafunzi kuorodhesha kila jina alilokariri. Mwambie achukue zile anazoweza kuzionyesha kwa kidole.

Katika Zaburi 121 istiari iliyo wazi ni "BWANA ni uvuli". Hakuna "kama" wala "mithili ya", kwa hiyo si tashbihi. Na kwa nini mkono wa kuume? Katika zaburi nyingine pia anayesimama kuumeni ndiye mtetezi, kwa mfano 16:8 na 109:31. Uvuli huo, basi, una mahali unaposimama, na aya inayofuata, ile ya jua, inauendeleza. Picha ya aya ya tano ndiyo inayoipa ya sita maana.

Kisha kuna mbinu ambayo vitabu vingi vya shule haviitaji jina: kutaja ncha mbili kumaanisha na kila kilicho katikati. Mbingu na nchi, yaani kila kitu. Mchana na usiku, yaani saa zote. Utokapo na uingiapo, yaani shughuli zako zote. Sasa na milele. Zaburi fupi hii inazo nne, na ndiyo sababu ukimaliza kuisoma unahisi hakuna pembe iliyobaki wazi. Mwanafunzi asipokuwa na jina la mbinu hiyo, aieleze kwa maneno ya kawaida. Mimi humpa alama.

Swali la aya ya kwanza huleta ubishi. Ni balagha au si balagha? Balagha haihitaji jibu, na hili limejibiwa papo hapo. Nadhani ni sahihi zaidi kusema ni swali la kujijibu, ambalo mtunzi analiuliza ili afungue mlango wa jibu lake. Lakini mwanafunzi akisema balagha na akaeleza kwamba msemaji hakuwa akitafuta habari, usimnyime.

Kuna na kinachofaa kuachwa. "Jua halitakupiga" kuitwa tashihisi kunawezekana, ila katika Kiswahili jua kupiga ni usemi wa kila siku na nguvu yake ya picha imefifia. "Mwezi kupiga" ndio wenye uhai. Anayeijua tofauti hiyo amesoma.

Hatua ya tano: andika jibu

Jibu lina sehemu tatu: jina la mbinu, maneno yenyewe yenye mbinu hiyo, na kazi yake mahali hapo. Sehemu ya tatu ndiyo inayokosekana. Tazama jibu hafifu: "Kuna usambamba katika aya ya 6. Unaleta mvuto na kusisitiza ujumbe." Jibu hilo linaweza kubandikwa kwenye shairi lolote duniani, kwa hiyo halisemi lolote juu ya hili.

Jibu linalostahili alama zote: "Aya ya 6 ina usambamba wa visawe. 'Jua halitakupiga mchana' inajibiwa na 'wala mwezi wakati wa usiku', mshororo ambao umeacha kitenzi na kuazima cha kwanza. Jozi ya mchana na usiku inafunika saa zote, hivyo msafiri anaahidiwa usalama usio na muda wa mapumziko, jambo linaloafikiana na mlinzi asiyesinzia wa aya ya 4." Katika kusahihisha mimi hutoa alama moja kwa jina, moja kwa maneno yaliyonukuliwa sawasawa, na mbili kwa kazi. Mwanafunzi aliyekosea jina lakini akaeleza kazi vizuri anaweza kupata tatu kati ya nne, na huo ndio mgao ninaoutaka.

Zoezi

Wanafunzi wafanye wawili wawili kwa dakika ishirini na tano, kisha wabadilishane madaftari. Kwa kila dondoo: bainisha mbinu moja au mbili, nukuu maneno, eleza kazi yake.

a) "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." (Mithali 15:1)

b) "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake." (Zaburi 19:1)

c) Soma Zaburi 13:1-2. Ni maneno gani yanarudi, mara ngapi, na kila yanaporudi yanaulizia jambo gani?

d) "BWANA ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." (Zaburi 23:1) Je, mishororo hii ni visawe?

e) "Lakini hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." (Amosi 5:24)

f) "Viongozi vipofu, wenye kuchuja mbu na kumeza ngamia." (Mathayo 23:24)

g) "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato." (Marko 2:27) Chora mpangilio wa maneno mawili makuu.

h) Katika Zekaria 9:9 mfalme anakuja "amepanda punda, naam, mwana-punda, mtoto wa punda". Amepanda wanyama wangapi? Toa sababu kutokana na umbo la mishororo.

Majibu ya mwalimu

a) Usambamba wa ukinzani, na "bali" ndiyo dalili. Takribani sura ya 10 hadi ya 15 ya Mithali zimejaa umbo hili. Asiishie hapo, aonyeshe jozi: upole na kuumiza, kugeuza na kuchochea. Hasira na ghadhabu hazikinzani. Ni kitu kimoja kilichoshikiliwa palepale huku mengine yakipinduka, na ndiyo maana tunaweza kuyapima maneno mawili kwa mizani moja.

b) Visawe, pamoja na tashihisi: mbingu zinahubiri, anga linatangaza. Atakayeona kwamba "utukufu" wa mshororo wa kwanza umekuwa "kazi ya mikono" katika wa pili, yaani jambo lisiloshikika limekuwa la kuonekana, mpe alama zote za kazi.

c) "Hata lini" mara nne. La kwanza na la pili zinamwuliza Mungu juu ya kusahau na kuficha uso, la tatu linahusu huzuni ya moyoni mwa msemaji, la nne linamhusu adui. Malalamiko yanatoka kwa Mungu, yanaingia ndani ya mtu, yanatoka nje kwa watu. Anayehesabu tu bila kufuata mwendo huo apate nusu.

d) Hapana. Wa pili ni tokeo la wa kwanza, kwa hiyo ni wa kuendeleza. Kipimo cha "na pia" hakitoshi hapa. Jaribu "kwa hiyo" uone linavyoingia. Mshororo wa kwanza una istiari.

e) Tashbihi mbili ndani ya usambamba wa visawe. Kitenzi "itelemke" kimeachwa katika nusu ya pili, na nafasi yake imetumika kuikuza picha: maji yamekuwa maji makuu. Wanafunzi wa Nyando wanaojua mto ukifurika huieleza vizuri kuliko kitabu.

f) Chuku, na ndani yake kejeli. Pia kuna jozi: kuchuja na kumeza, mbu na ngamia, kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Wengine watasema istiari kwa "vipofu". Kubali, kwa kuwa hawakuwa vipofu wa macho.

g) Mpangilio wa kupishana: sabato, mwanadamu, kisha mwanadamu, sabato. Akiunganisha kwa mistari, itakatana katikati. Maneno hayajaongezeka, yamegeuzwa nafasi tu, na kugeuzwa huko ndiko hoja yenyewe: nani yuko kwa ajili ya nani.

h) Mmoja. Mshororo wa pili unamtaja mnyama yule yule kwa umahususi zaidi: punda, kisha mwana-punda, kisha mtoto wa punda, hadi tunajua ni mchanga. Neno "naam" ni la kukazia, halileti mnyama wa pili. Mwanafunzi makini wa somo la Dini atainua mkono aseme Mathayo 21 inataja punda pamoja na mwana-punda. Ni kweli, ilhali Marko 11, Luka 19 na Yohana 12 wanamtaja mmoja. Mpe alama ya kusoma kwa upana, mwambie swali lake la Mathayo alipeleke kwa mwalimu wa Dini, na hapa asahihishiwe kwa umbo la mishororo ya Zekaria peke yake.